Bei yako isiende kikaoni peke yake

"Shikamoo dada. Mimi ni mpambaji wa harusi na sendofu hapa Mwanza, huu mwaka wa tatu. Kwenye Instagram wananiandikia watu watano hadi wanane kwa wiki. Tunachati vizuri, wananitumia picha, wanasifu kazi, mioyo mingi. Nikiwaambia 'bei tunaongea kwa simu, nipigie namba hii', wengi wananyamaza. Nikitaja bei pale pale wanasema 'asante, nitakucheki', ndiyo basi tena. Mwezi uliopita nimepata kazi moja tu. Nimtoe vipi mteja inboksi tuongee kwa simu au tuonane, bila kuonekana namlazimisha?"

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na hilo neno "nitakucheki", kwa sababu nadhani unalisikia vibaya. Unalisikia kama kukataliwa kwa upole. Mara nyingi siyo. Bibi harusi anayekuandikia inboksi hana hela ya mapambo mfukoni. Hela iko kwa mhazina wa kamati, na kamati inakaa Jumapili jioni. Siku hiyo mwenyekiti anauliza, "Mapambo tumefikia wapi?" Binti anafungua simu na kusoma: huyu kasema milioni moja na laki nane, huyu milioni mbili na nusu, huyu milioni tatu na laki mbili. Mjomba mmoja anauliza, "Huyo wa milioni tatu ana nini cha zaidi?" Binti anajibu, "Picha zake nzuri." Watu wanaguna, ajenda inahamia kwenye vinywaji.

Hapo ndipo unapopotezea kazi. Wewe humo kikaoni hukuwepo, imeingia tarakimu yako peke yake, bila mtu wa kuisemea. Ukilielewa hili, hata namna utakavyoiomba simu itabadilika. Simu haiombwi ili umbane mtu mmoja mpaka akubali. Inaombwa kwa mambo mawili: ujue shughuli yenyewe ikoje ili bei yako iwe na maelezo nyuma yake, na ujue nani anaamua ili ukaonane naye. Katika kazi yetu simu ni daraja tu. Makubaliano yanafungwa mbele ya mtu mwenye daftari la michango, na mahali pazuri kuliko pote pa kukutana naye ni ndani ya ukumbi wenyewe.

Sasa tuondoe kitu kimoja kinachokuumiza kabla hata hujafika kwenye simu. Acha kuficha bei. Najua tulivyofundishwa: usitaje bei inboksi, mvute mteja kwanza. Lakini jiweke upande wake. Ameuliza shilingi ngapi, ameambiwa apige simu. Anachoelewa ni kwamba bei ni kubwa na mwenye nayo anataka kumtajia mahali ambapo kukataa ni aibu. Mtanzania akiona aibu inamsubiri mbele haendi kubishana nayo, ananyamaza. Na pembeni ana wapambaji wengine wanne aliowauliza swali lile lile, kati yao wawili wameshamjibu.

Ila kutaja tarakimu moja kamili nako ni kosa, tena kosa baya zaidi, maana bado hujui unapamba nini. Taja bei ya kuanzia na bei ya juu, kisha sema waziwazi kinachoipandisha na kinachoishusha. Mfano: "Kwa wageni 250 kazi kama hii huwa kati ya milioni mbili na milioni tatu na laki mbili. Inategemea ukumbi wenu ulivyo, maua ni ya asili au ya kitambaa, na kama viti na vitambaa tunaleta sisi." Hapo umemjibu. Mwenye bajeti ya laki sita ataondoka kwa amani na nyote mtaokoa muda. Mwenye uwezo anabaki na swali jipya la kweli: sasa yetu itaangukia wapi? Hilo swali ndilo linalohitaji simu. Kabla hujalizaa, ukiomba simu unaomba kitu ambacho mteja hakioni faida yake.

Halafu kuna wakati wa kuomba. Mioyo na sifa visikudanganye, kuna watu wanasifu mapambo kama wanavyosifu gauni la dukani wasilopanga kununua. Angalia maneno yake yanahusu nini. Akiuliza "hii ilikuwa ukumbi gani?" bado anaongelea picha yako. Akisema "sisi tuko ukumbi wa huku Nyegezi, hii inawezekana?" ameshahamia kwenye shughuli yake. Tarehe, jina la ukumbi, idadi ya wageni, rangi za sare, "viti mnakuja navyo?" Ukiona mawili kati ya hayo, omba simu saa hiyo hiyo, usingoje kesho. Mtu akishika simu akiwaza harusi yake yuko tayari kuongea. Kesho asubuhi yuko kwenye daladala anawaza kazi, na ujumbe wako umebaki na neno Seen chini yake.

Namna ya kuomba ndiyo yenye uzito. "Nipigie namba hii" ina mizigo mitatu umemtwisha mteja. Salio ni lake. Hajui aanze kusema nini. Na yeye ndiye anayeonekana mwenye shida. Geuza yote matatu: wewe unapiga, unamwambia mtaongea nini, na unamwambia itachukua muda gani. Mimi huandika hivi:

"Nimekuelewa. Ili nikwambie yenu itakuwa shilingi ngapi hasa, kuna mambo matatu nahitaji kukuuliza: ukumbi, muda wa kuingia kupamba, na ile meza kuu ya kwenye picha uliyotuma. Kuandika yatachukua siku nzima, kwa simu ni dakika kumi. Nikupigie leo saa mbili usiku au kesho saa saba ukiwa mapumziko? Nitumie namba unayotumia."

Tazama kilichofanyika humo. Hakuna "naomba unipe nafasi". Kuna kazi inayotaka kufanyika, na simu ndiyo njia fupi ya kuifanya. Mambo matatu yametajwa, kwa hiyo simu siyo kiza tena. Nyakati mbili zimetolewa na zote ni za mtu anayeishi maisha ya kawaida: usiku baada ya kula, au mchana akiwa nje ya ofisi. Jioni saa kumi na mbili usipendekeze, watu wako njiani na kelele za konda. Na umeomba namba yake badala ya kumwachia yako. Mtu aliyetuma namba yake ameshakubali nusu. Mtu aliyepewa namba anaweza kukaa nayo mpaka harusi ipite.

Akituma namba, usipige hapo hapo kama hamkukubaliana hivyo. Mwandikie WhatsApp kutoka namba ile ile utakayopigia, jina lako na jina la kazi yako, "ndiyo mimi wa mapambo, tutaongea saa mbili". Wengi wetu hatupokei namba tusiyoijua, hasa siku hizi za matapeli. Ikifika saa mbili, piga saa mbili. Saa mbili na nusu umeshajitambulisha kwake kama mpambaji atakayechelewa siku ya harusi.

Wapo wanaositasita tu kwa sababu hawajawahi kukusikia. Kwa hao ninatanguliza ujumbe wa sauti wa sekunde thelathini hivi, usizidi. Unamwita kwa jina, unasema kitu kimoja mahususi kuhusu picha aliyotuma: "Hiyo picha uliyonitumia, lile pazia la juu linahitaji dari ndefu, ndiyo maana nakuuliza ukumbi." Akishasikia mtu mwenye sauti ya kawaida anayeijua kazi, simu inakuwa jambo dogo.

Ndani ya simu yenyewe, kosa kubwa ni kuanza kujieleza. Miaka yako mitatu, vitambaa vyako, kazi zako za nyuma, vyote ameshaviona kwenye ukurasa wako. Muulize yeye. Mimi huanza na "niambie shughuli yenyewe ikoje", halafu nanyamaza nimeshika kalamu. Ataanza kueleza: sendofu Ijumaa, harusi Jumamosi ya wiki inayofuata, mama mkwe anatoka Bukoba, rangi ni damu ya mzee na dhahabu. Unaandika. Kisha yale matatu uliyoahidi, usiyasahau, maana ndiyo uliyompigia.

Swali la muhimu kuliko yote linakuja katikati, na sharti liulizwe kwa heshima: "Kwenye kamati, mapambo yanasimamiwa na nani? Na mnakaa lini?" Usiulize "wewe ndiye mwenye maamuzi?" Hilo linamdhalilisha bibi harusi, na akishadhalilika atasema ndiyo hata kama siyo. Ukiuliza nani anasimamia atakwambia bila kinyongo kwamba ni shangazi, au kaka mkubwa aliyeko Dar, au mwenyekiti mwenyewe. Wakati mwingine mlipaji mkuu yuko Muscat au Uingereza na kila kitu kinapita kwake kwa WhatsApp. Hapo mkutano wako ni simu ya video siku atakayokuwa amepumzika, na zile sampuli utamwonyesha mbele ya kamera.

Ukishajua, ndipo unapendekeza kuonana, na unapendekeza mahali. Sema: "Naomba tukutane ukumbini dakika arobaini, mimi, wewe na shangazi. Nipime, niwaonyeshe vitambaa kwa macho, na niwape bei ya mwisho pale pale. Kikao chenu ni Jumapili, basi tufanye Alhamisi au Jumamosi asubuhi ili Jumapili muende na jibu." Umefunga miadi yako kwenye kalenda yao, siyo yako. Kamati ikiwa na tarehe ya kikao mbele yake, inakuwa na sababu ya kukutana nawe wiki hii na si "tutaangalia".

Ukikata simu, ndani ya saa moja mwandikie muhtasari mfupi: tarehe, ukumbi, wageni, rangi, siku ya kuonana na nani atakuwepo. Mistari mitano inatosha. Muhtasari huo binti atausambaza kwenye grupu la kamati, na kwa mara ya kwanza jina lako litaingia kikaoni likiwa na maelezo.

Kwa nini nasisitiza ukumbini? Ngoja nikwambie kazi mbili. Ya kwanza iliniunguza. Miaka ya nyuma nilikubaliana bei yote kwa kuandikiana, sikwenda kuona mahali. Siku ya shughuli ndipo najua kwamba ukumbi ule ulikuwa na ubatizo asubuhi na sisi tunaruhusiwa kuingia saa sita mchana, wageni saa kumi na mbili. Kazi ya siku nzima ikabidi ifanyike kwa saa sita. Nilichukua vijana sita wa ziada wa haraka haraka, wakalipwa kwa bei ya dharura, na faida yote iliishia kwao. Mteja hakunificha kitu. Mimi sikuuliza, na kwenye kuchati hakuna aliyekumbuka kusema.

Ya pili ni ya mwaka jana, bibi harusi mmoja wa hapa Dar, wageni 250. Alinitumia skrinshoti ya ukumbi wenye mapazia yanayoning'inia kutoka katikati ya dari mpaka pembeni kama hema. Nikampa ile bei ya milioni mbili hadi tatu na laki mbili, tukaongea dakika kumi na mbili, nikajua mhazina ni shangazi yake na kikao ni Jumapili. Jumamosi saa nne asubuhi tukakutana ukumbini. Kuangalia juu tu, dari fupi na mapangaboi manane. Yale mapazia yasingewezekana, labda wageni wakae na joto la Desemba bila feni.

Hapo ndipo mkutano unapojilipa. Nilimwambia wazi kwamba ile picha hapa haitoki, na nikaeleza kwa nini kwa kuonyesha kidole juu. Shangazi akanitazama upya, kwa sababu wapambaji wawili waliotangulia walishasema inawezekana bila kufika. Kisha nikatoa futi kamba, nikapima ukuta wa nyuma ya meza kuu, nikasema hela ya dari tuihamishie hapa, ambapo kila picha ya siku hiyo itapigiwa. Nikatoa vipande vya vitambaa kwenye begi. Ile damu ya mzee aliyoichagua kwenye simu, tulipoishika kwenye mwanga wa ukumbi ilikuwa inaelekea wekundu wa kawaida. Tukapata nyingine iliyoiva zaidi, ikakaa vizuri na kitambaa cha sare ambacho shangazi alikuwa nacho kwenye mkoba. Rangi hudanganya sana kwenye kioo cha simu, kwa hiyo vipande hivyo usiviache nyumbani hata siku moja.

Bei nikaziandika mbili kwenye karatasi, mbele yao, kila moja na vitu vyake: 2,700,000 na 2,250,000. Nikazisoma kwa sauti, halafu nikafunga mdomo. Mdogo wangu, hapo ni pagumu. Ukishataja bei kimya kinakaa, na kile kimya kinakuvuta useme "lakini tunaweza kuongea". Usiseme. Yule mtu anahesabu kichwani, mwache ahesabu. Sekunde kumi zitakuwa ndefu kama kutwa, zivumilie.

Shangazi akasema, kama mashangazi wote, "Punguza, mwanangu." Sikupunguza bei ya vitu vile vile, maana ukifanya hivyo umekiri kwamba tarakimu ya kwanza ilikuwa ya uongo. Nilimuuliza tutoe nini. Tukatoa mapambo ya maua ya mlangoni, 150,000, ikabaki 2,550,000. Alishinda punguzo lake, na mimi sikupoteza kitu.

Kisha ikaja tarehe. Hapa nilisema sentensi ambayo naomba uizoee: "Tarehe naishika kwa kianzio. Kwa ajili ya kikao chenu nitaiacha wazi mpaka Jumatatu saa sita mchana, baada ya hapo akija mwingine na kianzio naipokea." Useme hivyo ikiwa ni kweli tu. Ukibuni mteja mwingine ambaye hayupo, mji ni mdogo na wapambaji mnajuana, utaumbuka. Sasa kiwango cha kianzio. Wengi tunataka nusu kwa mpigo kisha tunashangaa kamati inasuasua. Kamati haina hela yote, michango inaingia kidogo kidogo na mingi huja wiki za mwisho. Kwa hiyo tulipanga malipo yafuate vikao vyao: 800,000 ya kushika tarehe, 1,000,000 wiki mbili kabla, na 750,000 siku tatu kabla ya kuingia ukumbini. Hiyo 800,000 inatosha kuniwezesha kununua kitambaa kipya na kutoa oda ya maua, na mhazina anaweza kuitoa bila kumpigia simu kila mjumbe. Jumapili usiku saa tatu binti akaandika, "Wamekubali. Nitumie Lipa Namba." Jumatatu asubuhi hela ikaingia, nikawatumia risiti na karatasi ya makubaliano niliyoisaini.

Ona kwamba kazi ilifungwa kwa maandishi tena, palepale tulipoanzia. Ila safari hii shangazi alikuwepo kikaoni, ameuona ukumbi kwa macho yake, na mjomba alipouliza huyu ana nini cha zaidi, alikuwepo wa kumjibu.

Usilazimishe njia hii kwa kila mtu lakini. Mama anayetaka maputo na meza ya keki ya mtoto nyumbani, kazi ya laki na nusu, mmalizie inboksi kwa picha tatu na bei tatu. Ukimvuta kwenye simu na miadi umemchosha na nauli yako imekula faida. Mimi napima hivi: kama kuna ukumbi au zaidi ya mtu mmoja anayeamua, tunaongea kwa simu na kuonana. Kama ni sebuleni kwa mtu na mlipaji ndiye anayeandika, tunamaliza hapo hapo.

Na akisema "niandikie tu hapa", heshimu. Inawezekana yuko ofisini, inawezekana masikio yake hayasikii vizuri, inawezekana anapanga jambo ambalo nyumbani halijatangazwa. Mjibu "sawa kabisa", muulize yale matatu kwa maandishi, moja moja, kisha rukia moja kwa moja kwenye kuonana ukumbini. Simu si lazima. Pendekezo likikataliwa mara mbili, la tatu ni usumbufu. Mwachie bei yako yenye maelezo kwenye ukurasa mmoja ambao unaweza kusomeka kikaoni bila wewe, umalize kwa kumtakia heri.

Kuna tahadhari ambazo kwa mwanamke anayefanya kazi hii peke yake siziachi. Kukutana mara ya kwanza kuwe ukumbini, mchana, na uende na mwenzako. Mtu anayesisitiza mkutane kwenye nyumba ya wageni au gari lake "tuongelee harusi" siyo mteja, hata kama ana tarehe na rangi. Na kwenye hela, usiamini ujumbe wa muamala uliotumwa kama skrinshoti au uliokuja kutoka namba ya kawaida. Fungua menyu uangalie salio lako mwenyewe. Ule mchezo wa "nimekosea nimetuma zaidi, nirudishie laki mbili" umewaliza wapambaji wengi, hasa wakati wa msimu ambapo simu inalia kutwa.

Ukifanya yote haya mwezi mmoja au miwili, angalia mnakwama wapi. Weka daftari lenye safu nne: aliyeuliza, aliyekubali simu, aliyekuja ukumbini, aliyetoa kianzio. Kama wanane wanauliza na mmoja tu anakubali simu, tatizo liko kwenye maneno yako ya kuomba au kwenye bei unayotaja. Kama wanne wanapokea simu na hakuna anayekuja ukumbini, huulizi habari za kamati, au unaongea sana. Kama wanakuja ukumbini na hawalipi, hapo maneno ya kwenye simu hayana kosa. Tafuta mpambaji mkubwa kwako unayemheshimu, umwombe aje akusindikize kwenye miadi moja na akae kimya akusikilize. Atakachokiona kwa dakika arobaini mimi siwezi kukiona kutoka huku. Na siku ukipata kazi ya kampuni au taasisi, siyo kamati ya harusi, usitegemee karatasi yetu hii ya kusaini mezani. Watataka mkataba na risiti ya EFD, na malipo huweza kuja baada ya kazi. Kabla hujakubali, kaa na mwanasheria na mhasibu wa hapo Mwanza, gharama ya mazungumzo hayo ni ndogo kuliko kudai hela miezi sita.

Wale waliokwambia "nitakucheki" mwezi uliopita, usiwatupe. Harusi nyingi huanza kupangwa miezi mitatu minne kabla, kwa hiyo baadhi yao bado hawajalipa popote. Rudi kwenye inboksi uchukue kila aliyetaja tarehe ambayo haijapita. Usiandike "vipi mlifikia wapi?", hilo linamtaka ajieleze. Mwandikie kitu kinachohusu ukumbi wake: "Habari dada, ule ukumbi uliotaja nitapita Alhamisi mchana. Nikupimie ukuta wa meza kuu na kuulizia muda wanaoruhusu kuingia kupamba? Ukipenda uje na anayesimamia mapambo kwenye kamati, nitakuwa na vitambaa vya rangi yenu." Kisha Alhamisi nenda kweli, hata asipojibu, ujitambulishe kwa meneja wa ukumbi, uulize kama wapambaji wa nje wanatozwa chochote na dari ina urefu gani, uandike kwenye daftari. Ukumbi huo utauliziwa tena na bibi harusi mwingine, na safari hiyo utakuwa na majibu yake kabla hata hujapiga simu.